Shajara ya ankara ya lugha mbili: kikundi cha ukindu, Bagamoyo

9 Januari 2025

Leo tumekubaliana rasmi kwamba ankara yetu iandikwe upya kutoka juu hadi chini. Sababu ni ile arbuni ya Desemba.

Mteja wa Kanada aliagiza makapu 90 na akatuma dola 480 za mwanzo. Kwenye ankara yetu ya zamani, iliyokuwa ya Kiingereza kitupu, fedha hizo ziliandikwa "Deposit" bila neno jingine lolote. Akina mama wakaambiwa kwa mdomo kuwa arbuni imeingia. Kwa mtu wa pwani, arbuni ina maana moja tu: nimefunga biashara, na nikijitoa mimi mnunuzi, fedha hiyo ni yako. Basi ukindu, yale majani ya mkindu tunayosukia, ukachemshwa, ukatiwa rangi, kazi ikaanza. Wiki ya tatu mteja akaandika kwamba ameghairi na anaomba arudishiwe "deposit" yake. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akiifikiria kama ile fedha mtu anayoweka anapopanga nyumba, ambayo mwisho wa yote hurudi kwa mwenyewe.

Tulimrudishia nusu, dola 240, na ukindu uliokwisha kutiwa rangi tukabaki nao. Karatasi haikutusaidia kwa sababu haikusema kitu. Pande zote mbili zilisoma neno lilelile, kila mmoja akabeba maana ya kwao.

Kazi ninayojipa ni ankara yenye Kiswahili na Kiingereza, kila mstari ukisema wajibu uleule kwa lugha zote mbili. Kiingereza ni cha mteja. Kiswahili ni cha wasukaji, ili mama anayesuka ajue kwa macho yake ameahidi nini na ameahidiwa nini.

14 Januari

Nimeanza na mpangilio wa ukurasa. Jaribio la kwanza lilikuwa safu mbili, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, kila safu na tarakimu zake. Nililitupa siku hiyohiyo. Nilipobadilisha bei ya kawa, kile kifuniko cha chakula, kutoka dola 8 hadi 9, nilibadilisha upande mmoja na kuusahau mwingine, na jumla mbili tofauti zikakaa kwenye karatasi moja bila mimi kuziona.

Sasa kila kipengele kina mstari wa Kiswahili wenye herufi nzito na chini yake Kiingereza chenye herufi ndogo. Tarakimu inaonekana mara moja tu, kulia. Maneno ni mawili, fedha ni moja.

Vichwa vyenyewe havikunichukua muda mrefu. "Invoice" ni ankara. "Proforma invoice" ni ankara kifani, na hii tunaitumia kabla ya mteja kukubali. Siyo hati ya deni, kwa hiyo ina mfululizo wake wa namba usiochanganyika na ankara halisi. "Bill to" nimeandika Mlipaji, na "Ship to" nimeandika Mpokea mzigo. Kiolezo kimoja nilichokikuta kilikuwa na "Bili kwa" na "Safirisha kwa", maneno ambayo hakuna mtu wa Bagamoyo anayesema.

Kilichonishtua ni "Balance". Niliandika Salio, nikaona limekaa vizuri. Mama mweka hazina akalisoma akasema, "Kumbe zimeshaingia dola elfu moja na zaidi?" Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo. Akanionyesha simu yake: salio ni kile ulicho nacho. Ana haki kabisa. Kwenye simu na benki salio ni fedha iliyopo, wakati kwenye ankara tunataka kusema fedha ambayo bado haijalipwa. Nimeandika Kiasi kilichobaki kulipwa. Ni refu, lakini halidanganyi.

23 Januari

Siku nzima kwenye masharti ya malipo.

Kwenye vijitabu na violezo nimeona "Due on receipt" ikitafsiriwa "Inalipwa kwa risiti". Hilo ni kosa la kugharimu. "Receipt" pale ni kupokea, siyo risiti. Mteja anaambiwa alipe mara ankara inapomfikia. Msukaji anayesoma Kiswahili hicho anadhani kwamba mteja atalipa baada ya sisi kumpa risiti, na risiti hatutoi kabla ya fedha kuingia. Wote wawili wangekaa wakisubiriana. Kwetu sasa ni: Inalipwa mara ankara inapopokelewa.

"Net 30" nayo haina tafsiri ya neno kwa neno. "Net" hapo ni kusema kiasi chote, bila punguzo, kinapaswa kulipwa ndani ya siku 30. Nimeona watu wanaandika "Halisi 30", na sijui nani anaielewa. Sisi tunaandika: Inalipwa yote ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara, na chini yake tunaweka siku yenyewe ya mwisho. Hapo hakuna mtu wa kuuliza kama ni siku za kazi au siku za kalenda, wala zinaanza kuhesabiwa lini. Sharti hili ni la duka la Hamburg peke yake, wateja wetu wa miaka minne. Wateja wapya hawalipati.

Halafu kuna riba. Kiolezo cha Kiingereza kilikuwa na sentensi ya "interest" ya asilimia 2 kwa mwezi kwa anayechelewa. Nilipoisoma kwa Kiswahili mbele ya kikundi, ukumbi ukanyamaza. Bibi mwenyekiti akasema taratibu, "Mwanangu, neno riba lisikae kwenye karatasi yetu." Nikapendekeza faini ya ucheleweshaji. Akaniuliza faini hiyo inahesabiwaje, nikamwambia asilimia 2 kila mwezi. Akanitazama tu.

Kwa miaka minne tumekuwa tukiwatumia watu sharti ambalo wenye mali wenyewe hawalikubali, kwa sababu lilikuwa kwa lugha wasiyoisoma. Limetoka pande zote mbili. Badala yake mteja mpya analipa kiasi kilichobaki kabla mzigo haujatoka mkononi mwetu, kwa hiyo kuchelewa kwake kunamchelewesha mwenyewe.

1 Februari

Arbuni. Nimeandika na kufuta mara nyingi, na hapa ndipo nimeridhika:

```
Arbuni, asilimia 30                      USD 645.00
Deposit, 30%

Hairejeshwi ukindu ukishaanza kutiwa rangi.
Not refundable once dyeing of the palm leaf has begun.
```

Neno la Kiingereza nimeliacha lilelile, "Deposit", kwa kuwa ndilo mteja analolijua. Kinachofanya kazi ni sentensi ya chini yake. Sikutaka kuandika tu kwamba hairejeshwi, maana hiyo ingemwonea mteja anayebadili mawazo kesho yake, kabla hatujagusa chochote. Nilitafuta tukio linaloonekana kwa macho. Kutia rangi ndiko kunakogharimu: kuni, rangi, siku mbili za watu watatu, na ukindu uliokwisha kuwa mwekundu hauwezi kuuzwa kwa mteja anayetaka wa kijani. Siku hiyo tunapiga picha ya sufuria na kumtumia mteja. Akighairi kabla ya picha, anarudishiwa arbuni yote. Akighairi baada yake, arbuni ni ya wasukaji.

Hapo neno arbuni limepunguzwa nguvu kidogo kuliko mazoea ya sokoni, ambako fedha hupotea tangu mikono inapopeana. Niliwaeleza akina mama tofauti hiyo wazi, na wameikubali.

Malipo ya awali ni kitu kingine, na nimeamua yasichanganywe na arbuni mahali popote. Mteja akitanguliza fedha kwa hiari yake juu ya asilimia 30, tunaziandika Malipo ya awali, "Part payment", na hizo hurudi akighairi.

5 Februari

Mstari wa kodi. Ankara ya zamani iliandika "VAT 0%", kwa kunakili kwa mtu mwingine. Afisa kodi mmoja niliyemuuliza akanielewesha, na bahati nzuri hakuna aliyetuadhibu.

Kuna hali tatu na kila moja ina maneno yake. Muuzaji aliyesajiliwa kwa VAT hapa Bara kwa kawaida hutoza asilimia 18 kwa mauzo ya ndani, na bidhaa zinazosafirishwa nje hutozwa kiwango cha sifuri. Kiwango cha sifuri bado ni kodi, imewekwa tu kwenye sifuri, na muuzaji huyo anaweza kudai kodi aliyolipa alipokuwa akinunua malighafi. Bidhaa iliyosamehewa kodi ni kitu tofauti: haitozwi, na muuzaji wake hawezi kudai hiyo aliyolipa. Hali ya tatu ndiyo yetu. Mauzo yetu hayakaribii hata kidogo shilingi milioni 200 kwa mwaka, ambacho ndicho kiwango cha kulazimika kujisajili, kwa hiyo hatumo kabisa kwenye VAT. Kuandika "VAT 0%" ni kujitangaza kuwa tumesajiliwa.

Sasa imeandikwa: Muuzaji hajasajiliwa kwa VAT. "Supplier not registered for VAT." Na ile sehemu ya namba ya usajili wa VAT imeondolewa, imebaki TIN peke yake.

11 Februari

Maelezo ya bidhaa yanahitaji uangalifu ambao sikuutarajia. Wakala wa forodha wa Hamburg aliwahi kumuuliza mteja wetu kikapu chake ni cha mmea gani, kwa sababu tuliandika "grass basket", na mkindu si nyasi. Mkindu ni jamii ya mtende, jina lake la kitaalamu ni Phoenix reclinata. Mstari sasa unasomeka: Kapu la ukindu lililosukwa kwa mkono, lenye mikono miwili, "Hand-plaited basket with two handles, wild date palm leaf". Kando yake iko namba ya forodha, 4602 kwa makapu. Mikeka iko 4601, na hizo mbili zisichanganywe kwenye mstari mmoja.

Kawa ilinipa shida zaidi. Kiingereza hakina neno lake. Nimeandika "Kawa, hand-plaited palm-leaf food cover". Jina la Kiswahili limebaki mbele kwa kuwa ndilo jina la kitu chenyewe, na maelezo ya nyuma yanamtosha mtu wa forodha.

Upande wa usafirishaji tulikuwa tunaandika FOB, moja ya vifupisho vya Incoterms vinavyosema wajibu wa muuzaji unaishia wapi, kwa mizigo inayokwenda kwa ndege. FOB ni ya meli. Kwa ndege tunatumia FCA, na kifupisho hicho hakitafsiriwi. Kinaandikwa hivyohivyo pamoja na mahali na toleo: FCA Julius Nyerere International Airport, Dar es Salaam, Incoterms 2020. Chini yake Kiswahili kinaeleza maana: Muuzaji anapitisha mzigo forodha ya kutokea na kuukabidhi hapo kwa msafirishaji aliyeteuliwa na mnunuzi, kuanzia hapo nauli, na hasara ikitokea njiani, ni za mnunuzi. Mama mmoja alipolisikia hilo akauliza, "Basi ndege ikipoteza makapu, hatudaiwi?" Hatudaiwi. Alikuwa na wasiwasi huo tangu mzigo wa kwanza, na hakuwahi kumwambia mtu.

20 Februari

Fedha zinazopungua njiani. Mara mbili mwaka jana mteja alituma kiasi kamili na kikaingia kikiwa na upungufu wa dola 20 na kitu. Anakuwa na ushahidi kwamba ametuma zote, nasi tuna ushahidi kwamba hazikufika zote, na wote tunasema kweli. Tofauti imekatwa na benki iliyopitisha fedha katikati.

Kwenye fomu ya benki mtumaji anachagua nani abebe gharama: OUR ni mtumaji, BEN ni mpokeaji, SHA ni kila mmoja na upande wake. Tumeandika: Gharama zote za benki, pamoja na za benki za kupitishia, zinalipwa na mtumaji, chagua OUR. "All bank charges, including those of intermediary banks, are paid by the sender, please select OUR." Si kinga kamili, kwa sababu dola zikipitia benki za Marekani kuna wakati kitu kinakatwa hata OUR ikichaguliwa. Ndiyo maana nimeongeza kwamba deni hufungwa kwa kiasi kilichoingia kwenye akaunti yetu.

Sehemu ya "Beneficiary" niliandika kwanza Mnufaika, kama fomu nyingi zinavyofanya. Akina mama wakadhani ni habari za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Sasa ni Mpokea fedha.

Na mstari mmoja wa Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya wateja wa Ulaya, ambao fomu zao huwadai IBAN: Tanzania haitumii IBAN, tumia namba ya akaunti na namba ya SWIFT.

26 Februari

Tarehe. Ankara ya kwanza ya mfumo mpya itatoka tarehe 4 Machi. Nikiandika 04/03/2025, sisi tunasoma Machi, lakini Kanada watu wanatumia mitindo yote miwili, na mwingine ataisoma 3 Aprili. Hiyo ingeisogeza siku ya mwisho ya arbuni mwezi mzima. Mwezi uandikwe kwa jina. Na ili nisiandike mara mbili nikakosea mara moja, tarehe inaingizwa kwenye kisanduku kimoja na Excel inaitoa kwa lugha zote:

```
=TEXT(B4,"[$-441]d mmmm yyyy")
=TEXT(B4,"[$-409]d mmmm yyyy")
```

Namba 441 ni Kiswahili, 409 ni Kiingereza. Inatoka "4 Machi 2025" na "4 March 2025".

Fedha nazo tunaandika na senti zake kila mara. Kwa Mjerumani, 2,150 ni mbili na sehemu, kwa kuwa mkato kwao ndio nukta ya desimali. 2,150.00 haina njia ya kusomwa vibaya.

28 Februari

Leo ndiyo kipimo. Nilimpelekea mwalimu mstaafu wa Kiingereza upande wa Kiswahili peke yake, nikimwomba autafsiri kwa Kiingereza bila kuona wetu. Kisha nikaweka karatasi mbili kando kwa kando.

Mistari mingi ililingana. Mmoja ulinitoa jasho. Kiswahili chetu kilisema: Kiasi kilichobaki kilipwe kabla ya mzigo kukabidhiwa. Yeye akaandika "before the goods are delivered". Kiingereza chetu kilikuwa "before handover to the carrier". Mtu wa Toronto akisoma "delivered" anaona mlango wa duka lake, yaani mzigo umeshavuka bahari na sisi bado tunasubiri dola 1,505. Kosa halikuwa la mwalimu. Kukabidhiwa bila kusema nani anamkabidhi nani, na wapi, kunaruhusu maana zote mbili, na hata msukaji angeweza kuisoma kama yeye. Tumeongeza: kabla ya mzigo kukabidhiwa kwa msafirishaji Dar es Salaam.

Tulijadili pia lugha ipi itawale zikigongana. Nilitamani Kiswahili, nakiri. Lakini mteja anatia saini kwa kile anachokisoma, na ukimwambia kwamba alifungwa na maneno asiyoyajua, unamfanyia kile tulichofanyiwa sisi na lile sharti la riba. Tumeandika kwamba kwa mteja Kiingereza kinatawala, na ndani ya kikundi tumeweka kanuni yetu: hakuna sharti jipya la Kiingereza litakaloingia kabla Kiswahili chake hakijasomwa kwa sauti mbele ya wasukaji.

4 Machi

Ankara namba 001 ya mfumo mpya imekwenda Toronto, kwa mteja mpya. Makapu 120 kwa dola 14, ambayo ni 1,680. Kawa 40 kwa dola 9, ambazo ni 360. Ufungashaji na gari hadi uwanja wa ndege, 110. Jumla USD 2,150.00, arbuni 645.00, mwisho wa kulipa 11 Machi, kilichobaki 1,505.00.

7 Machi

Mteja ameuliza swali moja: je, tukishatia rangi nusu tu ya ukindu akaghairi? Swali zuri, na ankara haikulijibu. Nimemjibu kwamba tunatia rangi yote ya oda moja kwa siku zilezile mbili, na "has begun" maana yake ni sufuria ya kwanza. Amekubali kwa maandishi. Nimeongeza maneno "sufuria ya kwanza" kwenye Kiswahili na "the first batch" kwenye Kiingereza, na mwalimu ameshaupitia mstari huo.

12 Machi

Dola 645 zimeingia, kamili. Bibi mwenyekiti aliisoma ankara mwenyewe, kidole kikifuata mstari, hadi kwenye arbuni. Akageuka akamwambia mama wa rangi aweke kuni.

Picha ya sufuria imetumwa saa nne asubuhi.